Kifua kilinyamaza, nikadhani nimepona

*Shikamoo mshauri,*

*Nina miaka 36 na pumu ninayo tangu utotoni. Msimu wa mvua huwa mzima kabisa, ila ukame ukiingia na upepo ukianza kupeperusha vumbi, kifua hunibana karibu kila usiku. Mwaka juzi nilimwamsha mume wangu usiku wa manane tukakimbilia hospitali. Tulipofika nilikuwa napumua vizuri, tukarudishwa nyumbani. Hakunigombeza, ila njiani alisema, "Mke wangu, labda ni hofu tu." Neno lile limenikaa moyoni.*

*Mwezi uliopita nilifagia nyumba baada ya siku ya vumbi kali. Saa 2 usiku kifua kikabana, nikavuta pampu mara mbili, nikapata nafuu. Saa 4 kikarudi, nikavuta tena. Saa 6 tena, na saa 7 tena. Sikumwamsha. Niliketi ukingoni mwa kitanda nimekumbatia mto. Kama saa 9 ile filimbi ya kifua ikakoma, nikashukuru kwamba inaisha. Saa 10 mume wangu aliamka akaniuliza kitu, nikashindwa kumjibu. Anasema nilikuwa nasinzia na midomo imebadilika rangi. Nilikaa hospitali siku 4, mwanzoni nikiwekewa oksijeni.*

*Sasa yeye anataka twende hospitali kila nikikohoa. Wifi yangu anasema pampu ndiyo imenizoesha, mwili umelewa dawa, niiache. Nina ya bluu, na ya kahawia ambayo huitumia nikizidiwa tu. Naogopa kusumbua watu, na naogopa kufa. Usiku ule ningejuaje? Na nimwamshe lini?*

*Mama wa Usiku*

---

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila nikifika pale kwenye saa 9 moyo unanishtuka. Nimeuguza watu wenye pumu miaka mingi, na jambo ulilolipitia ndilo ninalolihofia zaidi kwa kila mgonjwa wangu. Basi tuanze hapo hapo.

Ile filimbi ni sauti ya hewa inayojipenyeza kwenye njia iliyokuwa nyembamba. Ili isikike, ni lazima hewa iwe inapita. Njia ikizidi kubana, au misuli ya kupumulia ikichoka, hewa inayopita huwa kidogo mno kiasi cha kutotoa sauti yoyote. Kwa hiyo kunyamaza kwa kifua kuna maana mbili zinazopingana kabisa: ama njia zimefunguka, ama zimekaribia kuziba. Sikio peke yake haliwezi kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni mambo mengine ya mwilini. Aliyepata nafuu anaweza kuzungumza, anaweza kulala chali, akili yake imechangamka. Wewe ulikuwa bado umeketi umekumbatia mto, usingizi mzito unakuchukua, na maneno hayatoki. Usingizi ule ulikuwa dalili ya uchovu wa misuli na ya damu kukosa hewa safi.

Usijilaumu. Hukuwahi kuambiwa, na mtu aliyehangaika na pumzi tangu jioni hana nguvu za kuchambua. Ndiyo maana vipimo vya kujipima lazima viwe rahisi, na viwe vimekubaliwa mchana, mtu akiwa mzima.

Ukiniuliza ni kipimo gani kingekuonya mapema, nitakurudisha kwenye saa zako mwenyewe. Dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu mara nyingi ni salbutamoli. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika chache, na kwa kawaida nafuu yake hudumu saa 4 hadi 6. Sasa tazama usiku wako: kutoka saa 2 hadi saa 4 ni saa mbili tu. Kutoka saa 4 hadi saa 6, mbili tena. Kisha saa moja. Nafuu ilikuwa inafupika mbele ya macho yako. Dawa ikishindwa kukushika kwa saa 4, shambulio limeizidi nguvu na unahitaji msaada wa hospitali, hata kama kwa dakika zile unajisikia afadhali. Kwa hesabu hiyo, usiku ule saa ya kumwamsha mumeo ilikuwa saa 4, ulipoishika pampu kwa mara ya pili. Wakati huo bado ungeweza kumweleza kwa sentensi nzima.

Kwa nini nafuu ilifupika? Shambulio la pumu lina mambo matatu ndani yake. Misuli inayozunguka njia za hewa hujibana, kuta za njia hizo huvimba, na makamasi mazito hujaa. Pampu ya bluu hulegeza misuli, basi. Uvimbe na makamasi haivigusi. Vumbi lilipokuingia, misuli ilibana kwanza na pampu ikaisaidia, lakini nyuma yake uvimbe uliendelea kupanda saa baada ya saa. Baadhi ya vitu vinavyochokoza pumu, hasa wadudu wadogo wasioonekana wanaoishi kwenye vumbi la nyumbani, huweza kuleta pigo la pili saa kadhaa baada ya kuvivuta. Ongeza na tabia ya pumu yenyewe kuwa kali zaidi usiku, utaona kwa nini ufagio wa jioni ulikutesa hadi alfajiri.

Kuhusu ile safari ya mwaka juzi, naomba nikuulize kwa upole: kufika hospitali ukiwa unapumua vizuri kunathibitisha nini hasa? Kama ulivuta pampu kabla ya kutoka, basi ilipata muda wa kufanya kazi njiani. Dawa kufanya kazi hakumaanishi kwamba ugonjwa haukuwepo. Ni kweli hofu nayo huharakisha pumzi, na mtu mwenye hofu huweza kuhisi ganzi vidoleni na kizunguzungu. Lakini mara nyingi hofu na pumu huja pamoja, kwa sababu kukosa hewa kunatisha. Sidhani mumeo alikusudia kukuumiza. Hata hivyo, kutenganisha hofu na pumu saa 8 za usiku ni kazi ambayo hata sisi hatuifanyi kwa kumtazama mtu tu. Tunampa dawa, kisha tunaangalia imemsaidia kiasi gani na kwa muda gani.

Hapo inakuja pampu yenyewe. Hukunieleza unaivutaje, ila wengi ninaowaomba wanionyeshe hukosea mahali pale pale. Hubonyeza mara mbili mfululizo, huvuta pumzi kwa nguvu kama anayeshtuka, kisha huachia mara moja. Sehemu kubwa ya dawa hugonga ukuta wa koo na kubaki hapo. Ukionja uchungu mwingi mdomoni, au ukiona moshi mweupe ukitoka mdomoni au puani, ujue dawa hiyo haikufika kifuani.

Kaa wima au simama. Ondoa kifuniko na uchungulie mdomo wa pampu kama kuna uchafu, maana pampu ikikaa mkobani bila kifuniko huokota vitu. Itikise vizuri. Ikiwa ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, ipulize hewani kwanza kama karatasi yake inavyoelekeza. Toa pumzi taratibu nje ya pampu, kadiri unavyoweza bila kujilazimisha. Weka mdomo wa pampu katikati ya meno, ufunge midomo kuuzunguka. Anza kuvuta hewa polepole kwa mdomo, na mara tu unapoanza kuvuta, bonyeza mara moja. Endelea kuvuta polepole hadi kifua kijae, kama sekunde 3 hadi 5. Zuia pumzi hadi sekunde 10 ukiweza, kisha achia. Kabla ya kuvuta mara ya pili, ngoja nusu dakika hadi dakika moja na uitikise tena.

Neno la kushika ni *polepole*. Na polepole ndilo jambo gumu kuliko yote kwa mtu anayetweta. Kwa hiyo nakusihi upate spesa, kile chombo cha plastiki chenye uwazi kinachowekwa kati ya pampu na mdomo. Dawa hukaa ndani yake kwanza, halafu wewe unaivuta kwa pumzi za kawaida. Bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi mara 4 hadi 6 bila kutoa midomo, kisha ndipo ubonyeze tena. Watu wengi hudhani spesa ni ya watoto. Hapana, mtu mzima aliyebanwa humsaidia vilevile. Ukikosa spesa kabisa, chupa safi ya plastiki ya mililita 500 hufaa. Kitako chake hutobolewa tundu la umbo la mdomo wa pampu, hubanwa hewa isipite pembeni, na mgonjwa huvutia kwenye shingo ya chupa. Njia hii imewahi kupimwa hospitalini kwa watoto ikaonekana inafanya kazi. Spesa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe, isifutwe kwa kitambaa, maana kusugua plastiki huifanya ivutie dawa kwenye kuta zake.

Jambo moja dogo ambalo limewaponza wengi: pampu inaweza kuendelea kupuliza baada ya dawa kwisha, kwa sababu gesi ya kusukumia bado imo. Kuitikisa sikioni hakukuambii kitu, na kuelesha mkebe majini pia si kipimo. Kama ina kihesabio, kitazame. Kama haina, andika tarehe uliyoifungua na uhesabu. Mikebe mingi ina mivuto 200.

Tuseme sasa kifua kimebana kweli kweli. Kaa wima, usilale. Vuta mara moja kwa spesa, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, vuta tena, na uendelee hivyo hadi mara 10 ikiwa bado hujapata nafuu. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni mambo ya kawaida ya dawa hii, nayo hupita. Usiache kuitumia katikati ya shambulio kwa kuyaogopa. Ukifika mara 10 bila nafuu, au ukizidi kubanwa wakati wowote kabla ya hapo, ni safari. Huku mkingoja gari au mkiwa njiani, mnaweza kurudia ile mivuto 10 baada ya dakika 10. Ikiwa pampu yako ya kutuliza si salbutamoli bali ni ile yenye dawa mbili ndani, idadi ya mivuto hutofautiana, na daktari wako ndiye atakuandikia.

Na ukali wa shambulio? Usiupime kwa kelele za kifua, upime kwa maneno. Anayemaliza sentensi nzima, akaweza kutembea na kulala, yuko kwenye shambulio dogo. Akianza kukata sentensi vipande vipande ili avute pumzi, limepanda. Akitoa neno moja moja, akainama mbele ameegemea mikono, na ngozi ya shingo au katikati ya mbavu ikidumbukia ndani kila avutapo, huo ni ukali wa kwenda hospitali bila mjadala. Mumeo anaweza pia kuhesabu pumzi zako kwa dakika nzima: kwa mtu mzima, zaidi ya 30 ni hatari. Kisha kuna zile dalili ulizozifikia: kusinzia, kuchanganyikiwa, kifua kunyamaza huku mtu bado anahangaika, na midomo au ulimi kuwa na rangi ya kijivu au ya samawati. Kwa ngozi nyeusi usitazame uso, tazama ndani ya midomo, ulimi na kucha. Hapo hakuna kungoja hata mvuto wa kumi.

Baadhi ya watu siku hizi wana kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwa asilimia. Kikisoma chini ya 92, nenda. Lakini kikisoma vizuri huku huwezi kumaliza sentensi, amini sentensi. Kifaa hicho huweza kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, na kwa pumu oksijeni huanguka ikiwa mambo yameshaharibika.

Wifi yako nimemfikiria sana, maana ndani ya kosa lake kuna chembe ya ukweli. Pampu hailewi mtu. Haya anayoyaona, kwamba unaihitaji mara nyingi zaidi, anayasoma kinyume. Ugonjwa umepanda, ndiyo maana mkono wako unaifuata pampu. Ukiiacha, utabaki na ugonjwa bila cha kuutuliza. Ila ni kweli kwamba kuishi kwa pampu ya bluu peke yake ni hatari, na miongozo ya kimataifa ya tiba ya pumu tangu mwaka 2019 haishauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli tu. Mtu anayeihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, au anayeamshwa usiku na kifua, pumu yake haijadhibitiwa.

Na hapo ndipo ninapoitazama ile ya kahawia kwa huzuni. Mara nyingi rangi hiyo huwa ya dawa ya kuzuia uvimbe, ingawa rangi hutofautiana, kwa hiyo soma jina au umwonyeshe mtaalamu. Kama ni hiyo, umekuwa ukiitumia kinyume. Haifungui kifua kilichobana usiku huu. Inatuliza zile kuta zilizovimba, kidogo kidogo, kwa siku na wiki, nayo huvutwa kila siku hata ukiwa mzima, kisha unasukutua mdomo na kutema ili usipate utando mweupe kinywani. Wewe unaujua msimu wako wa vumbi. Ukiingia msimu huo ukiwa umeshaitumia kwa wiki kadhaa, vumbi litakuta njia ambazo hazijavimba tayari. Daktari anaweza pia kukubadilishia, akupe pampu moja yenye dawa ya uvimbe na ya kufungua kifua kwa pamoja. Kila njia ina uzito wake. Ya kila siku inadai kumbukumbu na dawa isiyokatika, ile ya pamoja ni rahisi kuishika lakini haipatikani kwa urahisi kila mahali. Zungumza naye kabla upepo haujaanza, ukimweleza wazi kwamba ulilazwa siku 4, maana aliyewahi kufikia hapo huangaliwa kwa karibu zaidi.

Kuhusu vumbi sitasema mengi. Ufagio mkavu ndani ya nyumba iliyofungwa unakurudishia puani kilekile ulichokikimbia nje, kwa hiyo mtu mwingine afagie, au upanguse kwa kitambaa kibichi. Madirisha yafungwe upepo unapovuma. Kitambaa cha kujifunga usoni huzuia chembe kubwa, lakini zile laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu hupita. Barakoa nzito inayobana vizuri pembeni husaidia zaidi, ingawa kwa aliyekwisha kubanwa huongeza taabu ya kupumua.

Sasa wewe na mumeo. Naona njia mbili ambazo kila mmoja wenu ameshazijaribu. Ukingoja hadi uwe na uhakika, uhakika unakuja ukiwa huwezi tena kusema. Mkikimbia kila kikohozi, mtachoka, na kuchoka huko kutawarudisha kwenye kunyamaza. Katikati yake mnaweza kukubaliana mambo mawili au matatu mkayaandika na kuyabandika ukutani. Kwa mfano: nikivuta pampu usiku, nakuamsha kukujulisha tu, nawe unaweza kurudi kulala. Nikiihitaji tena kabla ya muda wa saa nne kupita tangu nilipovuta, tunaondoka. Maneno yangu yakikatika, tunaondoka hata kama ni mvuto wa kwanza. Huenda ninyi mkachagua mpaka ulio mapema zaidi kama hospitali iko mbali au usafiri wa usiku ni wa shida, na mtakuwa na haki. Gharama yake ni kwamba kuna usiku mtafika huko ukiwa umepata nafuu. Je, mnaweza kuubeba usiku kama huo bila mmoja kumwambia mwenzake neno la kuchoma? Hilo ni lenu wawili, na lizungumzeni mchana.

Mkilizungumza, fanyeni na hili. Ukiwa mzima, vuta pumzi moja na uhesabu kwa sauti ya kawaida, 1, 2, 3, hadi pumzi iishe, naye asikilize umefika ngapi. Aikumbuke namba hiyo. Usiku kifua kikibana, akuombe uhesabu tena. Si kipimo cha hospitali, lakini atasikia mwenyewe namba ikishuka, na hutahitaji kumshawishi. Na kwa siku ambayo hata kuhesabu hakuwezekani, kubalianeni ishara isiyohitaji sauti. Mgonjwa wangu mmoja huwasha na kuzima taa mara tatu. Mumewe hulala usingizi mzito kama gogo, lakini hiyo taa, anasema, humwamsha.